Ua la zawadi lisilo na jina: lisome majani na umbo kabla ya kulitia maji

Jirani yangu alipohamishwa kikazi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, aligawa vitu vyake kwa majirani, na mimi nikaangukiwa na ua. Lilikuwa kwenye kopo jeusi la plastiki lenye upana wa kama sentimita 17, limefungwa karatasi ya kung'aa na utepe, maana hata yeye alikuwa amezawadiwa na hakuwahi kuifungua ile karatasi. Nilipomuuliza linaitwaje alicheka. "Dada, hata mimi sijui. Wewe litie maji kidogo kila asubuhi, litakaa tu."

Maji kidogo kila asubuhi. Ushauri huu hutolewa pamoja na karibu kila ua la zawadi, na mimi nilishawahi kuua mshubiri kwa kuufuata. Mshubiri, mmea unaoota wenyewe kwenye mawe bila kumwagiliwa na mtu! Nilikuwa naunywesha kila siku kama mtoto mchanga, ukaoza kuanzia kitakoni.

Safari hii nilifanya kinyume. Nililikagua ua kwanza, na maji yakasubiri. Nitaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua nikitumia ua hilohilo, kwa sababu njia ni ileile hata kama la kwako ni la aina nyingine kabisa. Neno "ua" nalitumia kama tulivyozoea mtaani, yaani mmea wowote wa pambo uliopo kwenye kopo, hata kama haujawahi kuchanua tangu uzaliwe.

Siku tatu za kwanza: usilitie maji

Vua karatasi ya zawadi. Ile karatasi ya kung'aa hushika maji kama beseni, na mizizi ikikaa ndani ya maji yaliyotuama hukosa hewa na kuanza kuoza. Pindua kopo uangalie kama lina matundu chini. Kama halina, toboa manne au matano kwa msumari uliopashwa moto. Halafu liweke mahali penye mwanga wa kutosha kusoma gazeti bila taa, lakini jua lisilipige moja kwa moja, na lisigusane na maua yako mengine. Chunguza kwapa za majani kama kuna vitu vyeupe mfano wa pamba. Hivyo ni vidung'ata, na vikihamia kwenye maua mengine utajuta kulipokea.

Hutaliua kwa kulinyima maji siku tatu. Ua la zawadi kwa kawaida hufika likiwa limelowa tayari, kwa sababu muuzaji amelimwagilia ili lipendeze na mtoaji akaongeza yake njiani. Likianza kulegea ndani ya siku hizo na udongo ukawa mkavu kweli, umeshapata jibu la kwanza: hili ni la maji mengi, na unaweza kuruka sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

La kwangu halikulegea hata kidogo.

Hatua ya kwanza: tafuta lilipoficha akiba ya maji

Mmea unaotoka mahali penye ukame una ghala la maji mwilini. Mmea unaotoka mahali penye unyevu muda wote hauna haja ya ghala, na hauna. Kazi yako ni kulitafuta ghala hilo, nalo hupatikana sehemu tatu tu: ndani ya jani, ndani ya shina, au chini ya udongo.

Anza na jani. Libane katikati ya kidole gumba na cha shahada. Jani la mshubiri limejaa ute, na ukilibana unahisi unene wa kidole. Lile ua la majani marefu yaliyosimama kama mapanga, yenye mistari ya kijani na manjano, nalo jani lake ni nene na gumu kama ngozi ya mkanda. Yote mawili yana akiba ndani ya majani. Kinyume chake ni jani pana na jembamba, ambalo ukiliinua kwenye mwanga unaona mishipa yake yote na kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Jani la namna hiyo hupoteza maji haraka na halina cha kurudishia, kwa hiyo linataka udongo wenye unyevunyevu.

Kama jani ni la kawaida, nenda kwenye shina. Kaktasi na mnyaa huweka maji kwenye shina, na ndiyo maana mashina yao ni ya kijani na yamevimba. Hapa kuna tahadhari. Ukikwaruza shina likatoka utomvu mweupe kama maziwa, nawa mikono mara moja na usijiguse machoni. Waliokulia karibu na uzio wa mnyaa wanajua jicho linavyowaka.

Shina nalo likiwa la kawaida, fukua kidogo kwa kidole pale shina linapoingia udongoni. Unatafuta kitu cha mviringo na kigumu, mfano wa kiazi au kitunguu.

Kwenye ua langu, jani lilikuwa nene kiasi, kama maganda mawili ya chungwa yaliyobandikwa pamoja, na likikunjwa linavunjika kwa mlio badala ya kulala. Vijiti vilivyobeba majani vilikuwa vinene kwa chini, kila kimoja kimevimba kama kidole cha mguu pale kinapotoka udongoni, na ukikibonyeza ni kigumu, kimejaa maji. Nilipofukua sentimita mbili nikagusa kitu cha mviringo kama kiazi ulaya kichanga. Akiba sehemu tatu kwa mpigo! Hata ningeishia hapo bila kujua jina, nilishajua kwamba maji ya kila asubuhi yangeliua.

Ila kiazi peke yake kisikudanganye. Kuna ua la majani mapana yenye umbo la moyo, mekundu katikati na kijani pembeni, liitwalo kaladi. Nalo lina kiazi chini, lakini majani yake ni membamba kama karatasi. Kaladi hutumia kiazi kupita msimu wa kiangazi likiwa halina jani hata moja. Likiwa na majani linataka maji kama mchicha. Kwa hiyo soma kiazi pamoja na jani. Kiazi na jani nene ni ukame muda wote. Kiazi na jani jembamba ni maji wakati wa majani, na kiangazi kikavu wakati wa kulala.

Hatua ya pili: angalia ngozi ya jani

Ngozi ya jani inaeleza zaidi habari za mwanga. Jani lenye vumbi la nta la kijivu, lile linalofutika ukilipitisha kidole, limejikinga na jua kali, na ua lake likiwekwa kivulini hurefuka ovyo na kupoteza umbo. Jani la kijani kilichoiva sana, kubwa na jembamba, ni la mmea wa chini ya miti mikubwa, na jua la saa sita litalichoma. Jani linalong'aa kama limepakwa mafuta, gumu kama plastiki, lina tabaka nene la nta linalozuia maji yasitoke. Hilo lipo katikati: huvumilia ukame, na mara nyingi huvumilia kivuli pia.

Kama jani lina mabaka meupe au ya manjano ya asili, ongeza mwanga kidogo kuliko ambavyo ungelipa ndugu yake wa kijani kitupu. Sehemu nyeupe haitengenezi chakula.

Manyoya ndiyo yanayopotosha watu. Husemwa kwamba jani lenye manyoya ni la jua kali, kwa sababu mimea mingi ya jangwani ina manyoya ya kijivu yanayorudisha mwanga. Ni kweli kwa mengi, lakini mfano wa kuvunja kanuni hiyo tunao hapa nyumbani, milima ya Usambara. Kule huota kiua kidogo cha zambarau chenye majani ya manyoya yaliyokaa duara, ambacho mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka Ulaya, na sasa kinauzwa madirishani dunia nzima. Kiua hicho huishi kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli cha msitu. Ukikiweka juani kwa kuamini manyoya yake, kinaungua siku ileile. Nionavyo mimi, rangi ya manyoya ni ushahidi mzuri kuliko manyoya yenyewe: ya kijivu au ya fedha yaende kwenye mwanga mkali, ya kijani yakae kivulini, na maji yasimwagwe juu ya jani.

La kwangu liling'aa kiasi kwamba jirani mwingine alipoingia aliligusa akidhani ni la plastiki. Kijani kilichoiva, bila manyoya, bila vumbi. Nikaandika kwenye daftari: ukame ndiyo, kivuli huenda, jua la moja kwa moja hapana.

Hatua ya tatu: jani ni lipi hasa, na shina ni lipi

Hapa ndipo wengi hupotea wanapotafuta jina, kwa sababu wanaita "jani" kitu ambacho ni kipande cha jani.

Chukua tawi la mwarobaini. Vile vinavyoonekana kama majani madogomadogo yaliyopangwa pande mbili za kijiti ni vipande vya jani moja kubwa. Unajuaje? Tazama kwapa. Pale jani halisi linaposhikana na shina huwa na kichipukizi kidogo, hata kama ni cha ukubwa wa kichwa cha pini. Kwenye mwarobaini kichipukizi utakiona pale kijiti kizima kinapogusa tawi. Kwenye kwapa za vile vipande vidogo hakuna kitu. Na kijiti chenyewe kikishafika mwisho wake hakiendelei kurefuka, ilhali shina halisi lina ncha inayozaa majani mapya.

Nikafanya hivyo kwa ua langu. Lilikuwa na vijiti saba vilivyosimama, virefu kati ya sentimita 40 na 60, kila kimoja kimebeba vipande vya mviringo vyenye ncha, kulia na kushoto kwa zamu. Kwapani hamna kichipukizi. Nchani hakuna dalili ya kurefuka. Vyote vinatoka moja kwa moja udongoni. Maana yake ni kwamba ua hili halina shina linaloonekana kabisa. Kila kile nilichokuwa nakiita shina ni jani moja zima, na shina lenyewe ni kile kiazi kilicholala chini.

Jambo hili linagusa maji moja kwa moja. Ua ambalo shina lake limelala udongoni likilowekwa, kinachooza kwanza ni moyo wake. Juu utaendelea kuona majani mazuri yanayong'aa kwa wiki kadhaa, kwa sababu yanakula akiba yake, na siku utakayoona njano ya kwanza kiazi kinaweza kuwa kimekwisha.

Ukiwa hapo, angalia pia umbo zima. Ua linalotambaa na kutoa vijimizizi hewani kwenye kila kifundo ni mpandaji wa miti. Limezoea kuanza maisha gizani chini ya msitu na kupanda kufuata mwanga, kwa hiyo mwanga wa wastani unalitosha. Majani yaliyopangika duara yakibana chini kama bakuli hukusanya maji katikati, na mengi huoza yakimwagiwa hapo. Na kama kuna nafasi kubwa kati ya jani na jani upande wa juu kuliko upande wa chini, huo si umbile. Ni historia: ua limehamishwa kutoka kitaluni kwenye mwanga na kuwekwa sebuleni gizani, na sehemu ya juu imekua ikiutafuta mwanga. Mimi huamini zaidi sehemu ya chini, iliyokua likiwa bado mikononi mwa mtu anayelifahamu.

Hatua ya nne: litoe kwenye kopo

Bana kopo pande zote, liinamishe, shika ua karibu na udongo na ulivute taratibu. Usilivute kwa jani. Dakika mbili nje ya kopo hazilidhuru.

Mizizi myembamba kama nyuzi, iliyojaa kila mahali, ni ya mmea unaokunywa mara kwa mara. Mizizi michache minene, nyama nyama, ni ya mmea unaokunywa sana kwa siku moja na kusubiri. Ya kwangu ilikuwa ya aina ya pili, minene kama tambi na ya rangi ya krimu, ikizunguka viazi vinne. Vitatu vilikuwa vigumu. Kimoja kilibonyea, na kilipopasuka kikatoa harufu ya maji ya mtaro. Hiyo ndiyo kazi ya maji kidogo kila asubuhi.

Nilikikata kile kibovu kwa kisu kilichopitishwa kwenye moto, nikaacha kidonda kikauke kivulini siku mbili, kisha nikalirudisha ua kwenye udongo mwingine: sehemu mbili za udongo wa kitaluni, sehemu moja ya mchanga wa chenga kubwa, na sehemu moja ya kokoto ndogo. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi. Udongo liliokuja nao ulikuwa wa makumbi ya nazi matupu, ambayo hushika maji kama sifongo. Hayo yanamfaa mwenye kitalu kwenye jua na upepo, hayafai sebuleni.

Hatua ya tano: jina, ukilitaka

Kufikia hapa unaweza kulitunza ua bila jina. Lakini jina hukuthibitishia, na kwa dalili tulizokusanya halikuwa gumu. Vipande vinene vinavyong'aa, uti wa jani uliovimba chini, hakuna shina juu ya ardhi, viazi chini: ni *Zamioculcas zamiifolia*, ambalo wauza maua hulifupisha kuwa ZZ.

Nililicheka hilo jina nilipojua asili yake. Ua ambalo nilidhani limetoka Uholanzi ni mwenyeji wetu. Huota lenyewe kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Afrika Kusini, kwenye vichaka na misitu mikavu, mara nyingi kwenye mawe chini ya kivuli cha miti. Waholanzi ndio walioanza kulizalisha kwa wingi kibiashara miaka ya 1990, na sasa linaturudia limefungwa utepe.

Asili hiyo inaeleza kila kitu tulichokisoma mwilini mwake. Msitu mkavu una mvua za msimu na kisha miezi mitupu. Ndiyo maana ya viazi. Ukame ukizidi, ua hudondosha vipande vya majani na kubaki na kiazi kinachongoja mvua.

Kinachoweza kukuchanganya ni mche wa saikadi, ile mimea inayofanana na mnazi mfupi na hupandwa kwenye bustani za hoteli. Hata jina la kisayansi la ZZ linatokana na kufanana huko. Zitofautishe hivi: vipande vya saikadi ni vikavu, vigumu na vinachoma kwenye ncha, na majani mapya hutoka kwa pamoja katikati ya kishina kimoja. Vya ZZ vina maji ndani, havichomi, na jani jipya huchomoza peke yake kutoka udongoni, limejikunja kama mkuki.

Ni la ukoo mmoja na majimbi. Likichanua, ua lake hutokea chini karibu na udongo, kigunzi kidogo kilichozungukwa na jani moja la rangi hafifu, mfano wa ua la jimbi. Na kama jimbi bichi linavyowasha koo, hili nalo lina vijisindano visivyoonekana kwa macho vinavyowasha mdomo na ngozi. Halipaswi kuwa karibu na mtoto anayetambaa, na ukishalikata nawa mikono. Kwa sababu hiyohiyo, usiujaribu mmea usioujua kwa kuonja, hata kama umeona wazee wakifanya hivyo.

Hatua ya sita: kisia mwanga

Simama pale unapotaka kuliweka ua, saa sita mchana, uweke mkono kama sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe. Kivuli chenye kingo kali zinazokatika ni mwanga mkali. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia ni mwanga wa wastani. Ukikosa kivuli kabisa, hapo ni giza kwa mmea hata kama wewe unaona vizuri. Jicho letu hujirekebisha, jani haliwezi.

Maelekezo mengi yaliyotoka Ulaya husema "dirisha la kusini" wakimaanisha lenye jua jingi. Hapa hayatufai. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki upande wa kusini. Hata hivyo adhuhuri jua liko juu sana na haliingii ndani mbali. Madirisha ya kuogopa ni ya magharibi, ambako jua la saa tisa na saa kumi huingia limelala na kuchoma kweli. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi, laini, na ndilo ninaloanza nalo kwa ua lolote nisilolijua vizuri.

La kwangu niliweka mita moja kutoka dirisha la mashariki, pazia jepesi katikati, kivuli cha kingo zilizofifia. Wauzaji hupenda kusema ZZ linapenda giza. Linalivumilia giza, nayo ni habari nyingine. Kwenye kona ya ukumbi litakaa mwaka bila kufa na bila kutoa jani jipya.

Hatua ya saba: kisia maji, kisha pima

Kwa dalili zote, makisio yangu yalikuwa mara moja kwa wiki tatu. Lakini hilo ni kisio tu, na siku za kalenda ni kipimo kibovu, maana Juni yenye ubaridi na Februari yenye joto hazifanani. Pima udongo wenyewe.

Njia rahisi ni kijiti cha mshikaki. Kichomeke pembeni mpaka kiguse chini ya kopo, kiache dakika kumi, kitoe. Kikitoka na rangi iliyokoza au udongo ulionata, chini bado kuna maji hata kama juu pamekauka kama vumbi. Ua la majani membamba litie maji sentimita mbili za juu zikikauka. Ua la jani nene subiri nusu ya kijiti itoke kikavu. La viazi kama ZZ subiri kijiti kizima kitoke kikavu, kisha ongeza siku nne au tano.

Mimi nina mzani wa jikoni, kwa hiyo nililipima. Baada ya kulimwagilia mpaka maji yakatoka chini na kuacha kuchuruzika, kopo zima lilikuwa kilo 2.3. Siku ya 24 lilikuwa kilo 1.4 na kijiti kilikuwa kikavu mpaka chini. Sasa sihitaji mzani, nalinyanyua kwa mkono mmoja na najua. Ukimwagilia, mwagilia kwa ukamilifu mpaka yatoke chini, na umwage yaliyotuama kwenye kisahani. Maji kidogokidogo hulowesha juu tu na mizizi ya chini hubaki na kiu, au chini hulowa siku zote na kuoza, kutegemea kopo. Hakuna ua nililowahi kuona likinufaika nayo.

Na kumbuka mwanga na maji vimefungwa kamba moja. Ukilihamishia ua gizani, hunywa kidogo zaidi. Ratiba iliyofaa dirishani itaozesha viazi kwenye kona.

Ukikosea, utajuaje

Shida ni kwamba maji mengi na maji machache yote huleta njano. Amua kwa kubonyeza. Njano inayoanzia chini, na kitako cha jani kikiwa laini kama ndizi iliyoiva sana, ni maji mengi: litoe kwenye kopo leo hii, kata kilichooza. Uti uliokunjamana kama ngozi ya kidole kilichokaa majini, huku vipande vikidondoka vikiwa bado vigumu, ni kiu. Mwagilia mara moja kwa ukamilifu na usubiri wiki moja. Baka la rangi ya majani makavu lililo upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha, ni jua. Jani jipya refu kuliko mengine, limeinama, na vipande vyake viko mbalimbali, ni giza.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukihamisha ua, ukabadili udongo na ukaongeza maji siku moja, hutajua lipi lilisaidia. Na uwe na subira kulingana na aina. Ua la majani membamba likinyweshwa hujibu jioni ileile. La viazi huchukua wiki hadi miezi, kwa sababu akiba yake hufunika kosa lako na hufunika pia matengenezo yako.

La kwangu lilikaa kimya miezi mitatu na nusu. Jani moja la zamani likageuka njano na nikalitoa. Bila shaka lilikuwa la kile kiazi kilichooza. Kisha asubuhi moja nikaona ncha ya kijani kibichi imepasua udongo pembeni mwa kopo, imejikunja, na baada ya wiki tatu ilifunguka kuwa jani la nane.

Jirani alipiga simu kutoka Dodoma kuuliza hali ya ua lake. Nilimwambia jina lake, na kwamba sasa linakunywa mara moja kwa wiki tatu au nne. "Kumbe nilikuwa nalizamisha, dada yangu!" akasema, kisha akaomba mche. Nikachuma kipande kimoja cha jani, nikakiacha kikauke siku moja, nikakichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo ndani ya kikombe kilichotobolewa. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Juzi nilikivuta taratibu kukiangalia: chini kina kiazi cha ukubwa wa punje ya hindi na mizizi miwili. Jani bado.